Barua ya mkuu wa shule: chupa sawa, kontena tuulizane kwanza

"Ndugu Mzazi/Mlezi, mapipa yetu hujaa chupa na mifuko kabla ya saa sita mchana. Kuanzia muhula ujao tunaomba kila mwanafunzi aje na chakula kwenye kontena lenye kifuniko, na maji kwenye chupa ya kujaza tena. Tafadhali jaza kikaratasi hapa chini ukirudishe."

Barua kama hii ikishatoka, wazazi hugawanyika siku hiyohiyo. Kuna wanaosema ilichelewa, na kuna wanaosema shule imeshindwa kuzoa taka zake sasa inatusukumia sisi. Nimesikiliza pande zote mbili na naona zote zinakosea mahali pamoja: zinabishana kana kwamba chupa na kontena ni jambo moja kwa kuwa mkuu wa shule ameviweka kwenye sentensi moja. Ukivipima kimoja kimoja, majibu yanatofautiana sana.

Tuanze na chupa, kwa sababu hapo mkuu ana hoja nzito. Chupa tupu ya maji ya nusu lita, ile ya kunywa na kutupa, ina uzito wa gramu 15 hivi pamoja na kifuniko chake. Chupa ya plastiki ngumu ya mwanafunzi, tuseme ni gramu 150. Kwa hiyo chupa hiyo moja imebeba plastiki ya chupa 10 za kutupa, na mtoto aliyekuwa akinunua moja kila siku anakuwa amelipa deni hilo baada ya wiki mbili za masomo. Hata akiwa msahaulifu hasa, apoteze chupa mbili ndani ya muhula wa siku 60 ununue ya tatu, umetumia gramu 450 za plastiki badala ya 900. Bado umeokoa nusu. Mwenye chupa ya chuma cha pua avute subira zaidi, maana ni nzito na kuyeyusha chuma kunakula nishati nyingi, lakini chupa hiyo nayo hudumu miaka.

Ila hesabu hiyo yote inasimama juu ya kitu ambacho barua haikukitaja: bomba. Chupa ya kujaza tena isiyo na pa kujazwa ni chupa ya asubuhi tu, na ikiisha saa nne mtoto anarudi dukani. Chukua shule ya wanafunzi 600 yenye mapumziko ya dakika 20. Tuseme nusu yao tu ndio wanataka kujaza, yaani 300. Kufika bombani, kufungua kifuniko, kujaza, kufunga na kumpisha mwenzako ni sekunde 20 kwa mtoto mwepesi. Bomba moja linahudumia watatu kwa dakika, 60 kwa mapumziko mazima. Zinahitajika koki 5 zinazofanya kazi zote kwa wakati mmoja, bila kusukumana na bila maji kukatika. Shule ikiwa na mbili, watoto 180 watasikia kengele wakiwa kwenye foleni au wakiwa wameshakata tamaa.

Na koki yenyewe ina mambo. Mahali pengi zimefungwa juu ya sinki la kunawia mikono, chini sana kiasi kwamba chupa ndefu haiingii wima. Mtoto anailaza, inajaa nusu, mdomo wake unagusa koki ambayo wenzake wamegusa kwa mikono kabla ya kunawa. Tiba yake haihitaji fundi wa ajabu: tangi lenye koki kadhaa zilizopangwa mstari, zikiwa juu vya kutosha chupa kusimama chini yake, madarasa yakitoka kwa zamu au kila darasa likijaza kabla ya kipindi cha kwanza. Mzazi akiuliza maji hayo ni salama kiasi gani, asijibiwe kwa hasira. Ameambiwa aache maji yaliyofungwa kiwandani. Ana haki ya kujua yale mengine yanatoka wapi, tangi linasafishwa lini na nani.

Upande wa usafi una jambo jingine ambalo hata watetezi wa chupa hulipitia juujuu. Mwaka jana nilichukua chupa ya mwanangu, ambayo nilikuwa naisuuza kila jioni na kuamini ni safi. Kifuniko chake kilikuwa na mrija na mpira mwembamba wa kuzuia kuvuja. Nilipoung'oa ule mpira kwa mpini wa kijiko, chini yake kulikuwa na duara jeusi, na ndani ya mrija utando unaoteleza kama ute wa yai. Alikuwa akinywea humo miezi. Tangu hapo napima kwa kidole: ukipitisha kidole ndani ya mdomo wa chupa kikateleza, haijaoshwa, imesuuzwa tu. Inataka sabuni, maji ya moto, brashi inayofika chini, mpira utolewe, kisha chupa ikae wazi kichwa chini mpaka ikauke. Chupa yenye mdomo mpana na kifuniko cha kawaida cha kuzungusha ni bora kuliko ile maridadi yenye mrija na kitufe. Barua ingeweza kusema hilo kwa mstari mmoja, na kuongeza kwamba ile chupa ya dukani iliyojazwa tena wiki nzima si mbadala mzuri: shingo yake ni nyembamba, brashi haiingii, na plastiki yake hukunjamana ikashika uchafu.

Sasa kontena. Hapa wapinzani wa barua wana hoja kuliko wanavyojua wenyewe.

Mfuko mwepesi wa plastiki unaofungia chakula cha mtoto una gramu chache tu, tuseme 4. Kontena la plastiki ngumu la kumtosha ni gramu 200. Gawanya: linahitaji kutumika siku 50 ndipo lilingane na mifuko iliyoachwa. Hiyo ni karibu muhula mzima, na hapo sijahesabu maji na sabuni ya kuliosha. Sasa kumbuka kontena la mtoto linavyoishi. Kifuniko hupasuka kwenye kona, au kinabaki kifuniko na kontena halionekani. Likipotea wiki ya tano, kwa plastiki iliyotumika tumepata hasara kuliko tungeendelea na mifuko.

Mtetezi atajibu kwamba gramu si kila kitu, na ni kweli. Mfuko wa gramu 4 hupeperuka, huziba mtaro, huchakaa vipande vipande uwanjani miaka. Kontena lililopasuka hutulia pale lilipotupwa na likiokotwa lina thamani kwa muokotaji. Nakubali. Lakini basi hoja hiyo inahusu uchafu wa uwanja, na barua iseme hivyo, isiseme inapunguza taka.

Kuna tatizo jingine, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Asubuhi, mzazi mwenye haraka anafungua kipakiti kidogo cha vitafunio, anamimina kwenye kontena, kipakiti kinaingia pipa la jikoni. Mtoto anafika shuleni na kontena safi, mwalimu wa zamu anatabasamu, pipa la shule linakaa nusu. Ile karatasi yenye rangi ya fedha ndani, ambayo ni plastiki na alumini zilizobandikwa pamoja na karibu hakuna mahali inaporejelezwa, ipo vilevile. Imehama anwani. Taka za aina hii hupungua pale tu ununuzi unapobadilika: pakiti moja kubwa badala ya vidogo 10, kwa kuwa kadiri kifungashio kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyotumia karatasi kidogo kwa kila gramu ya chakula, au chakula kilichopikwa nyumbani. Barua haigusi ununuzi hata kidogo.

Chakula cha nyumbani nacho kina saa yake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida, kwa sababu bakteria huzaliana upesi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Kilichofungwa saa kumi na mbili asubuhi na kuliwa saa sita kimekaa mara tatu ya muda huo, ndani ya kontena lililofungwa likiwa bado linatoa mvuke. Kifungashio cha kiwandani, kwa ubaya wake wote, kilikuwa kinazuia hilo. Ama shule iwe na mahali pa baridi, ama wazazi waelezwe vyakula gani vinavumilia na vipi vinahitaji hotipoti.

Nisionekane napinga kontena moja kwa moja. Lipo kontena lisilo na deni lolote, nalo ni lile ambalo tayari liko kabatini: kopo lenye mfuniko lililomaliza kazi yake ya kwanza, bakuli la zamani la kufungika. Hapo siku 50 hazihesabiwi, kuanzia siku ya kwanza ni faida tupu. Shida ni kwamba neno "kontena" kwenye barua ya shule, likishafika kwa watoto, hugeuka kuwa kontena jipya lenye picha, na aliyekuja na kopo atachekwa. Mkuu akiandika "chombo chochote chenye kifuniko ulichonacho nyumbani, tafadhali usinunue kipya", amewaondolea wazazi gharama na ameondoa ile hasara ya plastiki kwa sentensi moja. Walimu wakianza kuja na makopo yao, kicheko kitaisha chenyewe.

Kisha kuna duka la shule, ambalo barua nyingi za aina hii hulikwepa. Likiendelea kuuza maji ya chupa na vipakiti huku mageti yanakagua mabegi, mzazi ataona amebebeshwa mzigo ambao shule haitaki kuubeba. Na atakuwa sahihi.

Je, mpango umefanya kazi? Hilo linapimika, ila wengi hupima vibaya. Wiki baada ya barua kila pipa linapendeza, kwa hiyo wiki hiyo haina maana. Pima wiki moja kabla, na nyingine miezi miwili baadaye, ukitenga chupa, vipakiti na mabaki ya chakula, na chupa zimwagwe kwanza maana iliyobaki na maji nusu ina uzito wa karibu chupa 18 tupu. Chupa zikishuka na vipakiti vikishuka pia, uliza darasa moja vipakiti vinafunguliwa wapi siku hizi. Watoto hawafichi.

Kikaratasi nimekijaza na kukisaini. Kwenye chupa nimeandika ndiyo. Kwenye kontena nimeandika "la zamani", na nyuma yake nimeuliza koki ngapi zinatoa maji.