Chumba cha uani Ngamiani, Tanga: mpangaji, stoo au bajaji?

"Mwanangu, nina chumba kimoja cha uani kimekaa tupu tangu kijana wangu ahamie Dar. Fundi cherehani anakitaka kwa 50,000 kwa mwezi, umeme tugawane nusu kwa nusu. Mfanyabiashara wa Soko la Mgandini naye anakitaka kiwe stoo, anatoa 40,000. Na jirani ananiambia niachane na chumba, nilaze bajaji tatu hapo uani kwa 1,000 kila moja kwa usiku. Kipi kina pesa ya uhakika?"

Shikamoo mama. Ungeniuliza barazani ningekujibu haraka kwamba 50,000 ni zaidi ya 40,000, tukaendelea na kahawa. Lakini umetaja umeme nusu kwa nusu, na hesabu nzima inageukia hapo.

Tuanze na LUKU. Mteja wa nyumbani anayetumia umeme mdogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, huwekwa kwenye daraja la D1. Uniti moja ni shilingi 100, na ukijumlisha VAT na tozo za REA na EWURA inafika 122. Akizidisha na kuendelea kuzidisha, anahamishiwa T1, ambako uniti ni 292, na pamoja na makato hayo inakaribia 356. Yaani umeme uleule, nyaya zilezile, bei karibu mara tatu. Wenye nyumba wengi wa Ngamiani, hasa wazee wanaoishi na wajukuu wawili watatu, wako D1 bila kujua kwamba wamebebwa.

Kujua uko wapi ni rahisi. Chukua risiti ya LUKU, au ujumbe wa simu kama unanunulia huko, ugawe pesa kwa uniti ulizopata. Usitumie ununuzi wa kwanza wa mwezi, kwa sababu hapo hukatwa 1,500 ya kodi ya jengo na hesabu inapinda. Ukinunua mara ya pili kwa 5,000 ukapata uniti kama 41, uko D1. Ukipata 14, ulishahamishwa.

Sasa tuseme wewe unatumia uniti 55 kwa mwezi: taa, televisheni, feni moja na pasi ya Ijumaa. Hiyo ni 6,710. Fundi anaingia na friji ndogo, feni na cherehani ya mota, kwa sababu fundi cherehani hakosi kubeba kazi nyumbani msimu wa Idi. Mpe uniti 45. Jumla mmefika 100, mmevuka 75, na baada ya muda mita yako iko T1. Uniti 100 kwa 356 ni 35,600. Mnagawana nusu, kila mmoja 17,800, na yeye anaona mmetendeana haki. Ila wewe uliyekuwa unalipa 6,710 sasa unalipa 11,090 zaidi ili taa zako zilezile ziwake. Kwenye ile 50,000 umebaki na 38,910. Weka maji yaliyoongezeka, tuseme 4,000, unakaribia 34,900. Na hapo sijagusa choo, ambacho shimo lake likijaa gari la majitaka halitauliza nani alichangia zaidi.

Wapo watakaokwambia dawa ni sabumita, kila mtu aone alichotumia. Sabumita inamaliza ugomvi wa nani kawasha nini, na hiyo si faida ndogo. Nyumba za wapangaji zimevunja urafiki kwa sababu ya pasi moja. Lakini TANESCO wanaiona mita moja tu ya nje. Uniti zenu zinajumlishwa palepale na D1 inaondoka palepale. Hata ukimtoza fundi 356 kwa kila uniti aliyotumia, zile 55 zako nazo zimepanda bei, na hakuna mpangaji atakayekubali kulipia kupanda kwa umeme wa mwenye nyumba.

Stoo haina hadithi hiyo. Taa moja, inawashwa jioni dakika kumi, mtu hafui, haogi, hapiki. Ile 40,000 inafika karibu nzima. Tukiutendea haki kila upande kwa kuhesabu mwezi mmoja mtupu kwa mwaka, stoo inakupa 440,000 na fundi anakupa kama 384,000. Aliyetaja bei kubwa ndiye analipa kidogo.

Kuna njia ya kumrudisha fundi juu: mita yake mwenyewe ya TANESCO. Hapo kila mmoja anabaki chini ya 75, kila mmoja anajilipia, na chumba kinakupa 46,000 ukiondoa maji, sawa na 506,000 kwa miezi 11. Imeizidi stoo kwa 66,000. Ila kuunganishiwa umeme mjini, njia moja, bila nguzo, bei yake ni 320,960, na bado hujamlipa fundi wa kutandaza nyaya. Gawa: karibu miaka mitano ndipo mita irudishe pesa yake. Kama una vyumba viwili vya kupangisha, au unajua chumba hicho kitapangishwa miaka kumi ijayo, fanya. Kwa chumba kimoja na mama ambaye kijana wake anaweza kurudi na mke, mimi nisingefanya. Na ukifanya, angalia risiti za mita ya pili: jengo ni moja, lisikatwe kodi mara mbili.

Sasa niigeuze meza, maana nimeipendelea stoo na stoo imenichoma.

Miaka michache nyuma nilimpa mtu wa mitumba chumba cha nyuma hapa hapa Tanga. Vuli ilipokuja, bati lililokuwa limeliwa na chumvi ya bahari likaanza kuvuja penye msumari, tone tone, kwenye kona nisiyoingia kwa sababu ufunguo alikuwa nao yeye. Marobota yalikuwa chini kwenye sakafu tupu. Alipokuja kufungua, mawili yalikuwa yameota ukungu. Yeye akadai bati ni langu, mimi nikadai hakuweka mbao chini na hakufungua dirisha wiki tatu. Tulikuwa tumeandikiana kiasi cha kodi na tarehe, basi. Tulimaliza kwa mjumbe, nikasamehe kodi ya miezi miwili, na sote wawili tuliondoka tumenuna.

Nilichojifunza hapo ni habari ya ufunguo. Ukimpangishia mtu chumba, akafunga kwa kufuli lake, wewe umempa nafasi. Mali ni yake na ulinzi wa ndani ni wake, ingawa bati na ukuta vinabaki juu yako. Ukishika ufunguo wewe, ukawa unamfungulia na kumpokelea mizigo, umekuwa mtunzaji wa mali ya mtu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake. Kikipotea kitu, wewe ndiye utakayeulizwa kwanza. Basi mwache aweke kufuli lake. Lakini andikeni kwamba mara moja kwa mwezi mtafungua pamoja, mkague bati na ukuta, na kwamba mzigo haukai chini bila mbao. Unyevu wa Tanga hausubiri masika.

La pili kwenye stoo ni kilichomo ndani. Mkoa wetu una pwani ndefu na mpaka wa Horohoro, na magendo hayakuanza jana. Maboksi yanayoingia usiku na hayana risiti yakatae hata kama kodi ni ya mwaka mzima. Polisi wakija wataanza na mwenye nyumba, kisha ndiyo watafute mpangaji ambaye simu yake imezimwa. Petroli na mitungi ya gesi iliyojaa pia hapana, kwa nyumba ya ukuta mmoja na jirani. Viti vya sherehe, maturubai, mizani, meza za sokoni, nguo: hayo ndiyo mapato ya kulala usingizi.

Na mwenye stoo akishindwa kulipa? Hapa watu hujidanganya kwamba stoo ni rahisi kwa kuwa hakuna mtu wa kumtoa. Mzigo hauondoki wenyewe, na huruhusiwi kuuza mali ya mtu kwa hasira ya miezi miwili. Fundi asiyelipa unamwona kila asubuhi akienda bafuni, na aibu ya Ngamiani inafanya nusu ya kazi. Wote wawili, kama wanalipa mwezi kwa mwezi, wanastahili notisi ya angalau mwezi. Iandike, na mjumbe aione.

Mpangaji ana jambo jingine ambalo halimo kwenye hesabu yangu. Unaishi na wajukuu, usiku ukipandisha presha, uani kuna mtu mzima wa kugonga mlango wake. Pia fundi anaweza kutoa miezi sita mbele, 300,000 mkononi kwa siku moja, ambayo inabadilisha bati zima la uani. Mwenye stoo mara nyingi anatoa mwezi mmoja mmoja, kadiri soko linavyomwendea. Kama bati lako ndilo linalokunyima usingizi, basi fundi anaweza kushinda kwa hilo tu. Ila usisahau kwamba huu ni mji wa waja leo waondoka leo; miezi sita ikiisha, anaweza kufuata msimu wa nguo Arusha na wewe ukabaki na T1 yako. Kuirudisha mita D1 si jambo la kungoja ijirudie yenyewe. Ulizia ofisi ya TANESCO.

Bajaji nazipitia kwa kifupi. Tatu kwa 1,000, usiku 26, ni 78,000, kubwa kuliko zote. Ila fedha hiyo unaifanyia kazi. Dereva mmoja anarudi saa tano usiku, mwingine anatoka saa kumi alfajiri kuwahi abiria wa stendi ya mabasi ya Kange, na geti unafungua wewe. Ufunguo ni wako, kwa hiyo utunzaji ni wako: betri ikiibwa, macho kwako. Ungekuwa na kijana mzima nyumbani ningesema jaribu. Kwa mama mwenye wajukuu wa shule, hapana.

Kwa hiyo, mama, kama risiti yako inaonyesha bado uko D1 na bati halivuji, mpe mtu wa Mgandini, kufuli lake, mbao chini, ukaguzi kila mwezi. Kama ulishahamishiwa T1 zamani, hesabu yangu ya fundi inabadilika: hakuna punguzo la kupoteza, mnalipa 356 wote, na kwa sabumita anajilipia chake kamili. Unabaki na 46,000 ile ile bila kununua mita. Hapo mpe fundi chumba, na umwombe akushonee na pazia la mlango.