Mkwe Chini ya Kamera

Nani aliyewaambia watu wa nyumba hii kwamba mume akiwa na simu nzuri basi ni mpiga picha? Mimi simu hii nilinunua nitazamie mpira.

Mke wangu kaamua chapati za mama yake ziingie mtandaoni. Mama mkwe kakubali, ila kwa sharti moja: sura yake isionekane, mikono tu. Kwa hiyo kamera ikae juu iangalie chini, na wa kuipandisha huko juu ni nani? Baba Zuhura.

Stendi yenye mkono wa kuning'inizia simu zipo madukani. Mama Zuhura aliposikia bei akakumbuka kwamba tuna ubao. Ubao ukalazwa juu ya kabati, nusu imetokeza juu ya meza, na upande wa nyuma ukakandamizwa kwa dumu la maji la lita kumi. Simu ikafungwa nchani kwa mipira, kamera ikichungulia nje ya ubao. Haikutikisika, hilo naomba liandikwe.

Halafu taa. Taa ya dari ikiwaka, kivuli cha ubao na cha simu vinalala juu ya unga. Ukiizima, giza. Unatakiwa mwanga wa dirisha, uje wa ubavuni, ndipo mikunjo ya donge inaonekana. Dirisha lipo ukuta wa pili. Kabati lenye vyombo vya arusi likasukumwa mpaka ukuta wa pili. Sitaji aliyesukuma.

Tukaanza. Sasa, mtu anayekanda unga huinama. Mama mkwe akainama, na sisi tukarekodi dakika nzima ya kilemba. Kilemba kizuri, cha maua ya njano, lakini unga wenyewe hauonekani. Niambieni nyie mliooa: mkweo unamwambiaje atoe kichwa? Nikakohoa. Nikasema, "Mama, samahani, naomba pale..." Akauliza, "Pale wapi, mwanangu?" Nikasema, "Hapana Mama, endelea tu." Ikaongezeka dakika nyingine ya kilemba.

Dawa yake haihitaji maneno. Miguu ya meza ikapandishwa kwenye matofali, kazi ikamfuata mama mkwe alipo na mgongo wake ukanyooka wenyewe. Mezani nikachora kwa chaki pale picha inapoishia. Kilicho nje ya chaki hakipo duniani: chupa ya mafuta, kikombe cha chai, mjukuu.

Na hiyo mikono ni lazima iingilie chini ya picha, ili mtazamaji ajione kama anakanda yeye. Ikitokea juu, inakuwa jirani amekaa mkabala na wewe anakukandia, kushoto kwako ni kulia kwake. Simu ikilazwa bapa haijui juu ni wapi, inageuza picha inavyopenda. Unaisimamisha kwanza, picha ikae sawa, unafunga ile kugeuka-geuka, ndipo unailaza. Na unga mweupe unaidanganya: ikiona weupe umejaa inadhani mwanga umezidi, inafifisha kila kitu. Hapo unaweka kidole juu ya donge kwenye kioo, unashikilia mpaka ijifunge, halafu unaongeza mwanga kidogo. Yote hayo nafanya juu ya stuli, miguu yangu ikiwa usawa wa sikio la mkwe wangu. Adabu gani hiyo?

Lakini mateso yenyewe ni orodha ya mahitaji. Mama Zuhura anataka iandikwe kwenye kioo, kila kitu na kipimo chake. Nikamuuliza mama mkwe unga kiasi gani. "Wa kutosha." Maji? "Mpaka ukubali." Chumvi? Akanionyesha kiganja. Sasa kiganja nakiandikaje?

Huwezi kumpa vikombe vya kupimia mtu aliyelisha ukoo mzima bila kikombe. Ukimpa anapika kwa woga, na chapati zinatoka za woga. Kwa hiyo tulimpima kwa siri. Pakiti ya unga ya kilo mbili tuliiweka kwenye mizani kabla hajaigusa, akachota kwa mkono wake, alipogeuka tukaipima tena: imebaki kilo moja na gramu 480. Kwa hiyo katumia gramu 520. Maji ya vuguvugu tulimwekea kwenye jagi lenye mistari, mililita 500. Yalibaki 180, maana yake yameingia 320. Mafuta ya kukandia vijiko vitatu vya chakula, chumvi tuliipokea kwenye kijiko cha chai kabla haijafika beseni. Vikatoka vidonge vinane. Mama mkwe hajui mpaka leo kwamba anapimika.

Unga ukafunikwa ulale nusu saa, kwa sababu ukiusukuma papo hapo unajivuta na kurudi. Nusu saa hiyo hakuna wa kuitazama, ni lazima uiruke. Ujanja wake mzuri: mama anafunika beseni kwa kitambaa, unakata. Nusu saa baadaye unaanza kitambaa kikiwa palepale, mkono unakuja, unafunua, na unga umelainika. Mtazamaji anaelewa bila kuambiwa kitu. Masharti ni mawili: beseni lisisogee, na mikono iwe ileile.

Beseni halikusogea, chaki ilikuwepo. Mikono ndiyo ilienda kuswali adhuhuri. Ilirudi na mikono ya gauni jekundu badala ya la kijani, na bangili zimebaki bafuni. Kwenye video mikono ya kijani inafunika, mikono myekundu inafunua, utadhani kuna zamu za usiku. Mama mkwe akaulizwa, kwa heshima zote, kama lile gauni la kijani lipo. Lilikuwa limeloweshwa.

Ikabidi tupige upya kipande cha kufunika tu, kwa jekundu. Kukanda kukabaki kijani. Katikati tukaweka maneno "Baada ya dakika 30", na anayeuliza kuhusu gauni aulize.

Kuchoma hatukupiga kwa juu. Mvuke na moshi wa mafuta vinapanda moja kwa moja kwenye kioo cha kamera, baada ya chapati mbili unapiga ukungu. Simu ikashuka, ikapiga kwa ubavu, na tulirekodi pale tu chapati inapogeuzwa. Zile sekunde za kuisubiri iive hazina faida kwa mtu.

Usiku Mama Zuhura akaandika ile orodha. Kwa herufi nyeupe. Juu ya unga. Nikamwambia naona beseni tu, akaniambia nivae miwani. Baadaye akaweka utepe mweusi nyuma ya maneno, lakini akayashusha chini kabisa, pale maelezo ya video yanapojipanga yenyewe, na maji yakafunikwa. Tukayapandisha upande wa kushoto juu, kila kitu kikitokea pale kinapomiminwa, na kikikaa mpaka umesoma taratibu mara mbili.

Video imetoka ya dakika moja na sekunde ishirini. Jana mama mkwe kaitazama mpaka mwisho, kimya, kaitazama tena. Akanirudishia simu.

"Baba Zuhura."

"Naam, Mama."

"Mimi nilianza kazi hii saa nne asubuhi, nikamaliza saa nane. Hayo masaa yangu mengine umeyapeleka wapi?"