Kijito cha mlimani hakina ziwa nyuma yake

Sisi wa Bukavu tumezoea vibaya. Umeme wetu, ukiwepo, hutoka Ruzizi, na Ruzizi ni mto wa pekee: juu yake limelala Ziwa Kivu lenye zaidi ya kilometa za mraba 2,300. Mvua ikikatika mwezi wa sita, ziwa linaendelea kuachilia maji polepole hadi mvua nyingine zirudi. Ndiyo maana mitambo ya Ruzizi I imezunguka tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II ikafuata mwaka 1989, bila kiangazi kuwa tishio la kwanza. Delestaji yetu, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, ina sababu nyingine nyingi, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Shida huanza tunapopanda Kabare au Walungu kutafuta kijito cha kuwasha kijiji, tukiwa bado na Ruzizi kichwani. Mtu anafika mwezi wa nne, anaona maji yanavyovuma, anapima anguko, anapiga hesabu na kuagiza mtambo. Mwezi wa nane mtambo umesimama.

Dawa yake inajulikana. Unapima maji ya kijito kila siku, mwaka mzima au zaidi, kisha unayapanga kuanzia siku yenye maji mengi hadi siku yenye maji machache. Mchoro unaopatikana unakuonyesha kila kiasi cha maji kinafikiwa au kupitwa kwa asilimia ngapi ya siku. Q50 ni kiasi unachokipata nusu ya mwaka. Q95 ni kile unachokipata siku zote isipokuwa kama 18 hivi. Kwa Ruzizi mchoro huo huteremka taratibu. Kwa kijito cha mlimani huporomoka upande wa kushoto, kisha hutambaa chini kabisa upande wa kulia.

Mchoro huo una siri moja: unavunja mpangilio wa kalenda. Zile siku 18 zinaonekana kama vipande vilivyotawanyika, kumbe kwetu huja zikiwa zimeshikana, karibu na mwisho wa kiangazi. Kijiji hakikosi umeme siku moja moja, kinaukosa wiki mbili na nusu mfululizo. Na kama mwaka uliopimwa ulikuwa wa mvua nyingi, Q95 ya kweli iko chini ya hiyo uliyoandika.

Tuchukue kijito cha mfano. Q50 yake ni meta za ujazo 0.55 kwa sekunde, Q95 ni 0.18, anguko ni meta 60. Lita 40 kwa sekunde tunawaachia mto wenyewe, ng'ombe na wanaofua nguo huko chini. Kwa hiyo nusu ya mwaka tunaweza kutumia 0.51, na kiangazi 0.14. Hesabu ya nguvu ni hii:

```
P = 9.81 × Q × H × η
```

P ni nguvu kwa kilowati, Q ni maji kwa meta za ujazo kwa sekunde, H ni anguko kwa meta, na η ni ufanisi wa mtambo. Tukikadiria kwamba anguko halisi linalobaki baada ya msuguano wa bombani ni meta 56, na ufanisi ni 0.7, maji ya Q50 yanatoa karibu kilowati 196, na ya Q95 kama 54. Mtaalamu aliyezoea kuuza umeme kwenye gridi kubwa atachagua 196, kwa sababu gridi inanunua chochote atakacholeta na haimlalamikii asipoleta. Lakini kijiji kilicho peke yake hakina pengine pa kukimbilia. Mwenye mashine ya kusaga na mwenye friji ya chanjo wanahitaji umeme wa mwezi wa nane kama wanavyouhitaji wa mwezi wa nne. Mimi nasema ahadi kwa wateja ianzie kwenye kilowati 54, na zaidi ya hapo ihesabiwe kuwa umeme wa msimu, uuzwe kwa kazi zinazoweza kusubiri mvua.

Hilo linabadilisha uchaguzi wa mtambo. Turbini moja ya Francis ya 0.51 ikiletewa 0.14 inafanya kazi kwa robo tu ya maji yake. Ufanisi unaanguka, inatetemeka, na mara nyingi inabidi izimwe. Yaani siku zile chache za shida hata 54 hupati. Afadhali turbini mbili, moja ya 0.17 na nyingine ya 0.34. Ndogo inafanya kazi mwaka mzima, kubwa inaamshwa mvua zikirudi, tena inaweza kununuliwa baadaye, wateja wakishaongezeka.

Bomba kuu la kushusha maji haliwezi kungojea hivyo, kwani hununuliwa mara moja. Tuseme lina urefu wa meta 180. Likiwa na kipenyo cha sentimeta 50, maji ya 0.51 yanapita kwa meta 2.6 kwa sekunde, na msuguano unakula kama meta 2.2 za anguko. La sentimeta 40 linapitisha maji yaleyale kwa meta 4 kwa sekunde na linakula karibu meta 6.8. Wengi huishia hapo na kuagiza bomba nene. Ila msuguano hufuata mraba wa kasi: kiangazi, kwa maji ya 0.14, bomba jembamba linapoteza nusu meta tu. Tofauti ya mabomba hayo mawili ni kama kilowati 16 katika nusu ya mwaka yenye maji, na mwezi wa nane haifiki hata nusu kilowati. Kwa hiyo swali ni moja: yupo wa kununua hizo kilowati 16 wakati wa mvua? Akiwepo, chuma cha ziada kitajilipa. Asipokuwepo, bomba jembamba linatosha, mradi unene wa chuma na kasi ya kufunga vali vihesabiwe upya, kwa maana maji yanayokwenda kwa meta 4 yakizuiwa ghafla hupiga bomba kwa nguvu zaidi.

Banio, ule ukuta unaokinga kijito, nalo lina mwezi wake wa nane. Tundu la kupitishia zile lita 40 za mto liwekwe chini ya ukuta, chini kuliko mdomo wa kuingizia maji mferejini, na lisiwe na lango la kufunga. Tundu la sentimeta 15 kwa 15, kitovu chake kikiwa nusu meta chini ya uso wa maji, linapitisha takriban lita 42 kwa sekunde. Maji yakipanda sentimeta 15 linafika 48 tu. Likiwa na lango, kiangazi cha kwanza mwendeshaji atalifunga usiku, na asubuhi akina mama watakuta mchanga mtupu.

Mwendeshaji akivuta kuliko kinachoingia utamjua kwenye tangi la juu, pale bomba linapoanzia: uso wa maji unashuka, kizingia kinajitokeza juu ya mdomo wa bomba, hewa inafyonzwa. Huko chini sindano ya kipimo cha shinikizo, iliyokuwa imetulia karibu na baa 6, inaanza kucheza na bomba linakoroma. Apunguze mlango wa turbini, asisubiri.

Kimo cha kuta za banio kisitafutwe kwenye ule mchoro wa Q50 na Q95. Wastani wa siku huificha ile saa moja ya alasiri ambapo kijito kinashuka na mawe. Gharika hukadiriwa kwa mvua kubwa za miaka mingi, kwa ukubwa wa bonde, na kwa alama za matope ambazo wazee wa hapo watakuonyesha kwenye miamba, mara nyingi juu ya kichwa chako.