Nilivyoondoka na Kopi ya Mtahini

Najua yameshawafikia. Jamaa yangu wa Tabora, niliyekaa naye nyumba moja kule Uingereza na kulamba asali yake bila kulipa, ametupia sauti ndefu kwenye kundi la wasapu akisema nimeiba kitabu cha mzungu siku ya difensi, yaani ya kutetea tasnifu yangu ya masta, nikakimbia nacho hadi kituo cha basi. Sikuiba. Na sikukimbia, nilitembea haraka kwa sababu ya mvua. Nipeni nafasi niseme mwenyewe kabla hajafika kwenye toleo lenye polisi.

Kwa wasiojua: masta za kule ziko za aina mbili. Ile ya madarasani, tasnifu yako inasahihishwa na walimu wawili, unapewa alama, hamsini inakuvusha, sabini unapeta, na kwa kawaida hakuna wa kukuita kujieleza. Mimi nilikwenda ya utafiti, na hiyo ina kikao cha mdomo. Utafiti wangu ni dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika, mzigo unaoshushwa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga pale Kigoma, boti inapata kilo ngapi kwa usiku.

Sasa mimi difensi niliyoizoea ni ya kwetu: ukumbi, jopo, ndugu wamekaa nyuma, slaidi ukutani, soda baadaye. Nikavaa suti, nikaandaa slaidi, nikakariri na salamu za ufunguzi. Nafika, kichumba kidogo, meza, jagi la maji, watu watatu. Hakuna hata pa kuchomeka kompyuta. Mtahini wa ndani, bwana mpole wa chuo hicho hicho. Mtahini wa nje, mama mmoja kutoka chuo kingine, kopi yangu iko mbele yake imejaa vikaratasi vya njano hadi imevimba. Na msimamizi wangu, ambaye hana kura wala ruhusa ya kusema. Anakaa pembeni anaandika, na anaingia tu kama wewe umekubali. Yeye si mtahini. Hilo wengi hamlijui, mnadhani atawatetea. Hatakutetea, ataangalia viatu vyake.

Swali la kwanza ni lile wanalouliza karibu wote: tueleze kwa dakika chache umefanya nini na umegundua nini. Hapo nilitiririka. Wakapita sura ya kwanza, ya pili, nikajibu, nikaanza hata kumimina maji kwa mbwembwe.

Mama akasema, "Tufungue ukurasa wa 47."

(Mliopo kundini, hapa ndipo jamaa amepiga chenga, kwa sababu yeye ni wa historia, grafu haziwezi.)

Ukurasa wa 47 una grafu yangu ninayoipenda. Mstari wa kilo unapanda, unashuka, na kila mwezi unazama hadi sifuri, unakaa siku kadhaa, unapanda tena. Akaweka kidole kwenye sifuri moja. Akauliza polepole, "Hapa boti zilitoka zikakosa, au hazikutoka?"

Nikacheka. Jamani, nilicheka! Maana mtoto yeyote wa Ujiji anajua mbalamwezi ikiwaka watu hawaendi ziwani. Dagaa tunawavua kwa taa: wanapanda juu usiku, wanafuata mwanga, wavu unanyanyuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa yako haimvuti mtu, unachoma mafuta bure. Kwa hiyo siku za mwezi boti zinapumzika, nyavu zinashonwa. Nikamweleza hivyo kwa furaha kabisa.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi kwa nini umeandika sifuri?"

Kimya. Nikaangalia jagi. Nikaangalia msimamizi. Viatu.

Akachukua karatasi, akaniandikia hesabu ya mfano. Tuseme boti moja, mwezi wa siku thelathini. Imetoka usiku ishirini, na kati ya hizo usiku mbili imerudi tupu. Mzigo wote wa mwezi kilo 1,200. Wastani wa usiku ni ngapi? Ukigawa kwa thelathini unapata 40. Ukigawa kwa ishirini unapata 60. Akaniuliza mimi nimegawa kwa ngapi. Nimegawa kwa thelathini, bibi. Kwa sababu kwenye eksel nilijaza sifuri kila mahali palipokuwa patupu, na kompyuta haijui mbalamwezi.

Nikajitutumua: basi nitafuta sifuri zote. Akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoniua. "Zote? Hata zile usiku mbili waliotoka wakakosa?" Ukizifuta hizo nazo unagawa kwa kumi na nane, unapata karibu 67, unawapamba wavuvi kwa kuficha siku zao za hasara. Sifuri ya aliyekwenda akakosa ni data. Sifuri ya aliyelala nyumbani si data, ni pengo. Halafu akageuza ukurasa, kidole kikatua kwenye sifuri ya miezi mitatu mfululizo. Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, serikali ilipofunga ziwa kwa upande wetu samaki wazaliane. Mimi nilikuwa nimeichora kama ajali ya uvuvi, na chini yake nimeandika aya nzima kwa huzuni.

Jasho likanitoka ndani ya suti, kwenye baridi ya Novemba.

Yaliyofuata sikuyasikia vizuri. Nakumbuka tu mtahini wa ndani kufunga kalamu na kusema kwa upole, "Tunaomba utupishe kidogo."

Wadau, nieleweni. Kwetu baraza la wazee likikwambia upishe kwa sauti ya upole hivyo, habari imekwisha. Kumbe kule ni utaratibu tu: mtahiniwa anatoka, wao wanakubaliana matokeo, mara nyingi ni robo saa au zaidi kidogo, unasubiri kwenye korido, unaitwa. Mimi nikasimama, nikampa kila mtu mkono, nikasema asanteni kwa yote, nikachukua begi, nikakusanya tasnifu mezani, nikatoka, nikapita korido, nikapita mlango mkubwa, nikaingia mvuani.

Kituoni nikampigia mama. Kigoma ilikuwa usiku tayari, wako mbele saa tatu. Nikamwambia, "Mama, mambo yamegoma." Mama hakuuliza gani, akasema, "Rudi mwanangu, hata dagaa wanalipa," na nikasikia kabisa sufuria ikishushwa jikoni kwa kishindo.

Basi linachelewa. Nikafungua tasnifu nijitese vizuri. Nakuta vikaratasi vya njano.

Nilikuwa na kopi yake.

Mtu mwenye adabu angeifunga. Mimi nilifunga kidogo, nikafungua. Na nawaambieni, kuna mambo mle penseli iliandika ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Sura ya pili, pembeni: "Amewapanga waandishi foleni, hawazungumzi wao kwa wao." Ni kweli, nilikuwa na aya kwa kila mwandishi, fulani alisema hivi, fulani alisema vile, bila kusema nani anapingana na nani na mimi nasimama wapi. Sura ya tatu: "Kwa nini mialo hii miwili?" Jibu la kweli ni kwamba Kibirizi na Katonga nafika kwa bodaboda, na kumbe hilo linaruhusiwa kabisa kuandikwa, mradi useme linakunyima nini. Mwishoni, mstari mkali chini ya sentensi yangu tamu kuliko zote: "Mialo miwili, halafu anadai ziwa zima?" Ziwa lina nchi nne, mimi na mialo yangu miwili nilikuwa nimeshalihukumu lote. Hakuna mahali alipolalamika kwamba sijagundua jambo jipya duniani. Hilo ni la wa udaktari. Wa masta wanataka waone umeelewa wenzako wamesema nini, umechagua njia ukijua sababu, na unajua data yako inaishia wapi.

Na kwenye ukurasa wenye mipaka ya utafiti, neno moja: "Safi." Nikalisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Hapo ndipo nikamwona msimamizi wangu. Hana koti. Hana mwavuli. Mtu wa makamo, anavuka barabara akiinua mkono, anaita jina langu kwa matamshi ambayo hata mama asingeyatambua. Watu kituoni wakageuka. Kibibi kimoja kikakumbatia mkoba wake. Akafika, anahema, akasema neno la kwanza alilolisema siku nzima: "Kopi."

Walishindwa kumaliza kikao. Maoni yote ya mtahini wa nje, kurasa kwa kurasa, yalikuwa kwenye begi langu kituo cha basi.

Kurudi kwenye kile chumba na suti inayochuruzika, nimeishika ile kopi kwa mikono miwili, siwezi kuieleza. Mama wa watu akaipokea, akaifuta kwa kitambaa, akauliza, "Umesoma?" Nikasema kidogo. Mtahini wa ndani akakohoa kicheko. Nikatolewa tena, safari hii msimamizi akasimama nami koridoni, na begi kalishika yeye.

Matokeo: nimepita, masahihisho madogo, miezi mitatu. Nikaanza kulia kwa kusikia masahihisho, wakanieleza kwamba wengi wanaopita wanapita hivyo, wasio na cha kusahihisha ni wachache. Makubwa ndiyo yanachukua miezi sita pale chuoni kwangu, na kuwasilisha upya mwaka mzima. Walishaandika ripoti zao kila mmoja kivyake kabla ya kikao, tena zote mbili zilielekea kupita. Yaani nilipompigia mama nilikuwa nusu nimeshafaulu.

Mengine ni haraka. Orodha ya pamoja ikaja kwa barua pepe. Nikatengeneza jedwali la safu tatu: walichosema, nilichofanya, ukurasa mpya. Msiandike "nimerekebisha" basi, andikeni ni nini na kiko wapi, maana anayekagua ni mtahini wa ndani peke yake na hana muda wa kuwatafutia. Sifuri za mbalamwezi na za ziwa kufungwa zikawa `NA`, yaani hakuna data, za waliotoka wakakosa zikabaki `0`, na hesabu nzima ikapona kwa mstari mmoja wa R, ile programu ya takwimu:

```r
mean(kilo, na.rm = TRUE)
```

Bila hicho kipande cha mwisho R inakurudishia `NA` tu, msije mkanipigia usiku. Grafu nikaichora upya na mapengo wazi, aya ya huzuni nikaifuta, "Ziwa Tanganyika" kwenye hitimisho ikawa "mialo miwili ya Kigoma". Likapita, nakala ikaingia maktaba.

Mama aliniambia kesho yake kwamba majirani walishakuja kutoa pole na chai ikanywewa, kwa hiyo wakaitwa tena kwa ajili ya hongera, na sukari ya mara zote mbili nadaiwa mimi. Anayetaka jedwali langu la masahihisho aombe, natuma. Wa Tabora asiombe.