Popo Kaingia, Mimi Ndiye Mtuhumiwa

Jamani, mwenye nyumba hana raha. Mchana unadaiwa, jioni unatumwa, usiku ukisema sasa ujinyooshe, popo anaingia chumbani.

Nilishtuliwa na upepo usoni. Kufumbua macho, kitu cheusi kinazunguka chumba kizima, kikifika katikati kinashuka, kikikaribia ukuta kinapanda. Nikajua ananitafuta mimi. Nikapiga ukelele ambao baba wa watoto hapaswi kuupiga, nikarukia kandambili.

Mama Tatu alikuwa bado sebuleni. Yeye ni muuguzi, kwa hiyo hakuna kinachomshtua. Kaingia, na kitu cha kwanza akazima feni ya dari. Hata kuniuliza kama nimepona, wapi! Eti feni itamvunja popo mabawa. Watoto akawarudisha koridoni, mlango akaufunga, na taulo akalisukumia chini yake asije akapenya.

"Baba Tatu, weka hiyo kandambili, simama ukutani. Hakufuati. Akikata kona mwendo unapungua, anashuka ili aupate tena, ndiyo maana unaona anakuja kichwani."

Nikajibana ukutani. Kweli bwana, akawa anapita mbali nami. Lakini mtu kuambiwa ukweli kwa sauti ya upole namna ile, usiku, akiwa na bukta tu, huo nao ni uonevu.

Nikasema basi tufungue dirisha, tuzime taa, aende zake. Na ndiyo njia yenyewe: mlango wa ndani ukiwa umefungwa na dirisha liko wazi, ukimwachia utulivu, mara nyingi hutoka mwenyewe. Mkono ulishafika kwenye komeo.

"Ngoja kwanza. Alipoingia, ulikuwa umelala?"

Sasa hapo pana kesi ya siku nyingi. Mimi silali. Huwa nafumba macho nipumzike, hata taarifa ya habari naifuata hivyo hivyo. Nikamjibu kwa heshima zangu zote. Sauti ya kitinda mimba ikapenya mlangoni: "Baba alikuwa anakoroma!" Mtoto ninayemlipia ada.

Mama Tatu akasema basi dirisha halifunguliwi. Meno ya popo ni madogo mno. Anaweza kumng'ata aliyelala asihisi, na asubuhi usione alama yoyote. Popo wengi hawana neno, ila wachache hubeba virusi vya kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikiwahi kabla ya dalili, inazuia. Kwa hiyo popo aliyekutwa chumbani na mtu aliyelala, au na mtoto mdogo asiyeweza kujieleza, haachiwi mpaka wataalamu wa afya waseme. Na kipimo chenyewe kinafanywa kwenye ubongo. Akaitazama kandambili yangu, akatikisa kichwa. Ningempiga kichwani, ningekuwa nimeharibu kipimo changu mwenyewe.

Tukasubiri. Popo akachoka, akanasa juu ya pazia, akajikunja mpaka akawa kama pochi ya sarafu. Mama Tatu akavaa glavu nene za ngozi, zile za kukatia miiba, maana kitambaa chepesi meno hupenya. Akamfunika taratibu kwa boksi tupu, akapitisha kadibodi ngumu kati ya boksi na pazia, akazungushia utepe. Matundu ya hewa alikuwa ameyatoboa mapema, membamba. Popo hakupiga hata kelele. Aliyepiga kelele ni mimi.

Nikatumwa bafuni kujiosha uso, shingo na mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Saa mkononi anayo yeye.

Asubuhi tukaenda hospitali, boksi limetangulia maabara. Daktari akauliza swali lile lile. Mama Tatu akanyamaza, akanitazama. Nikaona nichague heshima au uhai. "Daktari, nilikuwa nimelala fofofo." Akaliandika. Nikachomwa sindano ya kwanza, nyingine zikategemea majibu. Majibu yakaja kwamba popo hakuwa na virusi, sindano zikasimama, ila yale maandishi hayafutiki. Mke wangu ameyapiga picha.

Nikadhani yameisha. Kumbe chini ya paa, pembeni ya ubao, pana ufa wa kuingia kidole gumba, na popo hahitaji zaidi ya hapo. Nikachukua ngazi niuzibe. Nikazuiwa tena! Huu ni msimu wa kulea, na popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa kawaida. Ukiziba sasa, mama anabaki nje, mtoto anakufa darini, na harufu tunainusa sisi. Tungoje watoto waweze kuruka, halafu tuhakikishe wote wametoka, ndipo tuzibe.

Basi kwa sasa nimeziba pale tu panapoingilia chumbani. Huko juu wapo, wanakula, wanalea. Kodi ya nyumba nalipa mimi.