Nani amchague kiongozi wa chama: wabunge au wenye kadi?

Kiongozi wa chama akichaguliwa na wabunge wenzake, lawama huanza mara moja: vigogo wamejifungia wakagawana vyeo. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila inasahau jambo moja kubwa.

Watazame Wahafidhina wa Uingereza. Chama chao kilianza kama kundi la wabunge. Matawi yalifuata baadaye. Mpaka mwaka 1963 wakubwa walishauriana faraghani, kisha jina likatoka. Wabunge walianza kupiga kura 1965. Cha ajabu, chama kilifurika watu katika enzi hizohizo za vigogo: mwaka 1953 kilikuwa na wanachama wapatao milioni 2.8. Ilipofika 1998, wanachama wameyoyoma na chama kinasaka kura za kila tabaka, ndipo kanuni zikawapa wenye kadi neno la mwisho. Wabunge wachuje hadi wabaki wawili, wanachama wamalizie.

Matokeo yake yalionekana 2001. Katika mchujo wa mwisho Kenneth Clarke alipata kura 59 za wabunge, Iain Duncan Smith 54, Michael Portillo 53. Wanachama wakamchukua Duncan Smith. Miaka miwili baadaye wabunge wakamng'oa kwa kura 90 dhidi ya 75. Mwaka 2022 ikawa vilevile: Rishi Sunak 137, Liz Truss 113, Penny Mordaunt 105. Wanachama wakampa Truss kura 81,326, naye akawa waziri mkuu. Siku ya 45 alitangaza kujiuzulu.

Hesabu hii ndiyo inayonikera. Duncan Smith na Truss wote wawili waliingia na chini ya theluthi moja ya wabunge wao. Katika mfumo wa kibunge, serikali hupumua kwa kura za wabunge hao kila wiki. Mwenye kadi hatakuwepo bajeti ikikwama. Tena mbunge ametumwa na maelfu ya wapiga kura wa jimbo lake, wakiwamo wasio wanachama. Wenye haki ya kupiga kura 2022 walikuwa 172,437, katika nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 45. Hapo mduara mdogo ni upi hasa?

Upande wa pili nao una hoja. Mwanachama analipa ada na kugonga milango wakati wa kampeni. Asipopewa sauti, atabaki kwa lipi? Na hakosei kila mara: 2005 wanachama walimchagua David Cameron, akarudisha chama madarakani. Lakini Cameron alikuwa ameshaongoza kwa wabunge, kura 90 kati ya 198.

Baada ya Truss, ngazi ilipandishwa: mgombea alete wabunge 100 wa kumdhamini. Akabaki Sunak peke yake, wanachama hawakupiga kura. Ni kweli alishindwa vibaya 2024, chama kikabaki na viti 121. Hata hivyo, hadi siku hiyo wabunge wake hawakumng'oa.