Mahindi ya Namanga: wahalisia walikosea wapi, na waliberali nao wapi

Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilimwandikia barua Kamishna wa Forodha wa nchi hiyo. Ujumbe wake ulikuwa mmoja: mahindi kutoka Tanzania na Uganda yasiingie tena, kwa kuwa vipimo vimeonyesha yana sumukuvu kupita kiwango. Malori yaliyokuwa njiani yakajipanga Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na mzigo wake. Siku 5 baadaye, tarehe 10, Nairobi ikalegeza amri kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, kila shehena iwe na cheti cha uasili, na iwe na cheti kingine kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi kiwango. Hata hivyo mambo hayakurudi kama zamani. Ilibidi Rais Samia Suluhu Hassan aende Nairobi mwanzoni mwa Mei, na Rais Uhuru Kenyatta aagize hadharani kwamba suala la mahindi limalizwe ndani ya wiki 2.

Kila mjadala wa uhusiano wa kimataifa unapozuka kwetu, kisa hiki hutolewa kama ushahidi, na kila upande unakidai kuwa chake. Mhalisia anasema: mmeona, kila nchi inajali nguvu zake, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ni karatasi tu. Mliberali anajibu: mmeona, nchi zinazotegemeana haziwezi kugombana muda mrefu. Mimi nadhani wote wawili wanakisoma haraka mno, na kwamba tukikichambua polepole kinatuambia jambo ambalo nadharia zote mbili hulisema kwa shida.

Tuanze na sumu yenyewe, kwa sababu wengi wanairuka na kudhani ilikuwa kisingizio tupu. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wa mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu, na inaua. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyolimwa hukohuko kwao. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni sehemu 10 katika bilioni. Ukitaka kuona udogo wake, chukua lori la tani 30: sumu yote inayoruhusiwa ndani ya mzigo huo ni gramu 0.3. Tena haisambai sawasawa. Punje chache zilizooza katika gunia moja zinaweza kubeba karibu sumu yote ya shehena, kwa hiyo wapimaji wawili wakichota sampuli mbili kutoka lori hilohilo wanaweza kupata majibu yanayopishana kabisa, na wote wawili wasiwe wamedanganya. Ndiyo maana sampuli ya maana huchotwa kidogokidogo kutoka magunia mengi, ikachanganywa na kusagwa kwanza kabla ya kupimwa.

Sasa hapa pana jambo ambalo sikulisikia likisemwa vya kutosha wakati ule. Kiwango hicho cha 10 si cha Kenya peke yake. Ni kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Tanzania inakitumia hichohicho. Nchi mbili hazikuwa zinabishana juu ya sheria. Zilikuwa zinabishana juu ya nani apime, na cheti cha nani kiaminiwe. Mliberali wa taasisi anaamini kwamba kanuni za pamoja hupunguza wasiwasi, na hapa kanuni ilikuwapo, imekubaliwa, imechapishwa. Kilichokosekana ni afisa wa Namanga kuangalia karatasi ya maabara ya upande wa pili na kuipokea kama ya kwao.

Kwa nini haikuaminiwa? Hapo mhalisia ana lake la kusema, na lazima tumpe haki yake. Anaanza na hoja kwamba juu ya mataifa hakuna hakimu mwenye polisi, kwa hiyo kila taifa hulinda mlango wake na hukumbuka yaliyopita. Na yaliyopita yalikuwapo mengi. Oktoba 2017 Tanzania ilichoma moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, ikitaja hofu ya mafua ya ndege, na ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya wakapigwa mnada. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka isipokuwa kwa mizigo, madereva wakadaiwa vipimo vya korona, na baadhi ya mikoa ya Tanzania ikajibu kwa kuwazuia madereva wa Kenya. Barua ya Machi 2021 iliangukia juu ya lundo hilo. Aliyeipokea Arusha au Dodoma hakuisoma kama barua ya afya.

Lakini mhalisia hakomei kwenye kinyongo. Wale wanaofuata hoja ya mwanazuoni Joseph Grieco wanakwenda mbali zaidi: nchi haiulizi tu "nitapata nini", inauliza "mwenzangu atapata kiasi gani kunizidi", na ikiona mwenzake anapata zaidi, itavunja ushirikiano hata kama yenyewe inafaidika. Hii ni hoja inayoweza kupimwa, na mpaka wetu umeipima. Baada ya ziara ya Mei, bidhaa za Tanzania zikamiminika Kenya. Kwa hesabu za mwaka 2021, Kenya ilinunua kutoka Tanzania karibu mara mbili ya ilivyonunua mwaka 2020, na mizani ya biashara ikainama upande wa Tanzania. Kwa hoja ya Grieco, Nairobi ilipaswa kushtuka na kutafuta barua nyingine ya kufunga mlango. Haikufanya hivyo. Viongozi wakaendelea kukaa na orodha ya vikwazo visivyo vya kiforodha na kukifuta kimoja baada ya kingine.

Mhalisia makini atajitetea kwamba hofu ya kuzidiwa inauma pale tu jirani anapoweza kugeuza faida yake kuwa silaha, na Kenya na Tanzania hazijawahi kuelekezeana bunduki. Utetezi huo naukubali. Ila ukishaukubali, umekubali pia kwamba nadharia ile haina mengi ya kutuambia juu ya mahindi.

Swali linalobaki ni kwa nini barua iliandikwa Machi, wala si Agosti. Hapa ndipo uliberali unapong'aa, ila ni uliberali ambao wengi hawaujui. Tumezoea kudhani kwamba mliberali ni mtu wa kuhubiri amani na ushirikiano. Sehemu yake yenye makali zaidi haihubiri chochote. Inasema tu kwamba taifa halina tamaa yake lenyewe. Tamaa za taifa ni za makundi yaliyomo ndani yake, na sera ya nje ni matokeo ya kundi lililoshinda nyumbani wiki ile. Sasa tazama kalenda ya mahindi. Mkulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu huvuna kati ya Oktoba na Januari. Ikifika Machi bado ana magunia ghalani anasubiri bei ipande, na ada za shule zinamsubiri yeye. Mahindi ya bei nafuu kutoka ng'ambo ya mpaka yanamvunjia soko wakati huohuo. Upande wa pili kuna wasagishaji wa Nairobi, Thika na Mombasa wanaotaka mahindi ya bei ya chini yatoke popote, na nyuma yao mamilioni wanaonunua unga wa kilo 2 dukani. Barua ya tarehe 5 ilimfaa mkulima. Masharti ya tarehe 10 yalimrudishia msagishaji nusu ya alichokitaka. Siku 5 hizo zinasimulia mvutano wa ndani ya Kenya kuliko zinavyosimulia Kenya dhidi ya Tanzania.

Je, basi ilikuwa afya au ilikuwa kulinda soko? Njia ya kujua ipo na ni rahisi: angalia kama mahindi ya nyumbani yanapimwa kwa ukali uleule. Sumukuvu haibagui uraia. Novemba 2019 Kenya yenyewe ilisimamisha aina 5 za unga wa mahindi sokoni kwa sababu ya sumu hiyohiyo, kwa hiyo tatizo la ndani lilijulikana kabisa. Na dawa yake ilikuwa sahihi: walisimamisha unga uliopimwa na kukutwa na kasoro, hawakupiga marufuku unga wa wilaya nzima. Mwaka 2021 kilichozuiwa ni mahindi ya nchi mbili nzima, lori lililo safi na lililo chafu kwa pamoja. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niamini kwamba hofu ya afya ilikuwa ya kweli, lakini upana wa amri uliamuliwa na soko.

Sasa nigeukie wapi waliberali walikosea, kwa sababu wamenisikitisha pia. Wanapenda kusema kutegemeana ndiko kulikomaliza mgogoro. Robert Keohane na Joseph Nye, wenye hoja hiyo, walikuwa waangalifu zaidi ya wafuasi wao. Walitenganisha kuumia papo hapo na kuumia hata baada ya kutafuta njia nyingine. Mpaka ukifungwa leo, anayeumia kwanza ni mkulima na dalali wa Tanzania, maana mahindi hayawezi kukaa juu ya lori wiki 3 yakabaki mazuri. Lakini baada ya miezi, Tanzania inaweza kutafuta soko Kongo, Rwanda au Sudan Kusini, na Kenya haiwezi kuotesha upungufu wake kwa amri. Kutegemeana kwa namna hii kunampa kila mmoja fimbo kwa msimu wake. Tuliliona hilo mwaka 2023, unga ulipokuwa ghali Kenya na Tanzania ikakaza masharti ya vibali vya kupeleka mahindi nje, malori yakakwama tena, safari hii yakizuiwa na upande wa muuzaji.

Tena taasisi zao hazikuguswa. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, mwendo wa saa 2 hivi kutoka Namanga, na mkataba unamruhusu hata mkazi wa kawaida wa nchi mwanachama kufungua shauri. Mgogoro haukumalizwa huko. Ulimalizwa na marais wawili waliokaa pamoja. Kati ya Machi na Mei nguvu za nchi hizi mbili hazikubadilika, mikataba haikubadilika, na mkulima wa Kitale alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba Rais Magufuli alifariki na Rais Samia akaapishwa tarehe 19 Machi. Mhalisia wa mfumo hana mahali pa kumweka mtu mmoja katika hesabu zake, na mliberali wa makundi anaweza kumweka kwa kulazimisha tu.

Hilo linanitia wasiwasi kuliko yote. Kilichofunguliwa na urafiki wa marais kinaweza kufungwa na marais wengine, na Namanga bado cheti cha maabara ya upande mmoja hakijawa na uzito wa kutosha upande wa pili. Wataalamu wa viwango wa nchi hizi wachote sampuli kutoka magunia yaleyale, mbele ya mwenye mzigo, na lori linalotoka Kitale kwenda Nairobi lichotwe kama lile linalotoka Kibaigwa, Tanzania.